Bapa Lina Akiba Kubwa, Boriti ya I Ina Nguvu

Ukifungua jedwali la vyuma vya ujenzi na kutafuta boriti ya I inayoitwa IPE 300, utakuta namba mbili zimekaa jirani. Ya kwanza ni 557 na ya pili ni 628, zote sentimita za ujazo. Ya kwanza ni moduli nyumbufu ya mkato, ya pili ni moduli plastiki. Zote mbili zinajibu swali moja: umbo hili linaweza kustahimili kupindwa kiasi gani? Boriti ni ileile, chuma ni kilekile, lakini majibu ni mawili.

Gawanya 628 kwa 557 utapata karibu 1.13. Sasa fanya hivyo kwa chuma chenye mkato wa mstatili, yaani bapa lililosimamishwa wima. Utapata 1.5, liwe bapa jembamba la dirishani au pande nene la daraja. Uwiano huo ndio wahandisi wanaouita kizidishi cha umbo. Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanaona 1.5 inaizidi 1.13 kwa mbali, wanahitimisha kwamba mstatili ni umbo hodari kuliko I. Wangekuwa sahihi, viwanda duniani visingehangaika kuviringisha boriti za I. Vingeuza mabapa tu.

Ili kuona kosa liko wapi, inabidi kwanza kuingia ndani ya boriti inayopindwa.

Weka boriti juu ya nguzo mbili, ipakie mzigo katikati. Upande wa juu unabanwa na kufupika, upande wa chini unavutwa na kurefuka. Kati ya pande hizo kuna mstari ambao haubanwi wala hauvutwi. Kadiri unavyotoka kwenye mstari huo kwenda juu au chini, ndivyo mkazo unavyoongezeka, mpaka ukingoni ambako ndiko mkubwa kuliko kote. Kwa hiyo chuma kilicho ukingoni kinafanya kazi kwa bidii, na kile kilicho karibu na mstari wa kati kinakaribia kukaa bure.

Chuma cha kawaida cha ujenzi kina tabia moja inayobeba habari yote hii. Ukikivuta kinarefuka kwa kiasi cha nguvu uliyotia, na ukikiachia kinarudi. Kwa chuma cha daraja la S275, mwenendo huo unaendelea hadi mkazo ufike nyutoni 275 kwa kila milimita ya mraba, sawa na kuning'iniza kilo 28 kwenye waya wenye mkato wa milimita moja ya mraba. Hapo kipande cha mita moja kitakuwa kimerefuka milimita 1.3 hivi. Ukizidi hapo, chuma hakikatiki. Kinalegea: kinaendelea kurefuka bila kudai nguvu zaidi, na kinaweza kufika mara kumi ya urefuko ule wa kwanza huku mkazo ukibaki palepale.

Namba ya kwanza kwenye jedwali, moduli nyumbufu, inahesabu uwezo wa boriti katika nukta ile tu ambapo ukingo umeanza kulegea. Kwa muda mrefu wahandisi walichukulia kwamba huo ndio mwisho. Lakini ukingo ukilegea, boriti haianguki. Ukingo unashika mzigo wake uleule, na nyongeza inahamia kwa chuma cha ndani ambacho bado kina nafasi. Ukiendelea kupakia, ulegevu unaingia ndani tabaka baada ya tabaka, hadi nusu yote ya juu imebanwa kwa mkazo kamili na nusu yote ya chini imevutwa kwa mkazo kamili. Sasa hakuna tena chuma cha kukopa. Boriti inageuka kama bawaba mahali pale, na huo ndio ukomo wake halisi wa kupindwa. Moduli plastiki, ile namba ya pili, inahesabu uwezo katika hali hiyo.

Mhandisi wa Hungaria, Gábor Kazinczy, alichapisha majaribio yake mwaka 1914 akionyesha kwamba boriti ya chuma haifi ukingo wake unapolegea. Uingereza wazo hilo lilikuja kuokoa roho za watu. John Baker, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Cambridge, alisanifu kibanda cha chuma kilichoitwa Morrison, chenye umbo la meza ya kulia chakula, ambacho familia zililala chini yake mabomu yalipokuwa yakianguka kuanzia mwaka 1941. Hakukusudia kisitikisike. Alikusudia kilegee na kubonyea kidogo nyumba inapokiangukia, kimeze pigo lile, lakini kisiwafikie waliolala.

Turudi kwenye mstatili, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na ndiyo itakayotuonyesha 1.5 inatoka wapi. Bapa lina upana b na kimo h. Katika hali ya kwanza, ukingo peke yake umefika mkazo kamili, na kutoka hapo mkazo unashuka moja kwa moja hadi sifuri katikati. Wastani wake basi ni nusu ya mkazo kamili. Katika hali ya pili, nusu yote imefika mkazo kamili. Kwa hiyo nguvu ya kubana upande wa juu, na ya kuvuta upande wa chini, imeongezeka mara mbili.

Lakini uwezo wa kupindwa si nguvu peke yake. Ni nguvu zidisha umbali kati ya ile inayobana na ile inayovuta. Mwanzoni nguvu hizo zilikuwa zimejazana ukingoni, zikiwa mbali kwa theluthi mbili za kimo. Chuma cha ndani kilipoingia kazini, kilivuta kitovu cha kila nguvu karibu na katikati, na umbali ukapungua hadi nusu ya kimo. Kutoka theluthi mbili hadi nusu ni kubaki na robo tatu. Nguvu mara mbili, umbali robo tatu: mbili mara robo tatu ni 1.5. Vitabuni utaona moduli nyumbufu ya mstatili imeandikwa b × h² ÷ 6 na ile plastiki b × h² ÷ 4. Gawanya utakavyo, b na h zinaondoka zenyewe na 1.5 inabaki.

Boriti ya I haina nusu ya kukopa namna hiyo. IPE 300 ina kimo cha milimita 300. Mabawa yake mawili, la juu na la chini, yana upana wa milimita 150 na unene wa milimita 10.7. Ukuta unaoyaunganisha una unene wa milimita 7.1 tu. Pale ukuta unapokutana na mabawa, kiwanda huacha pembe zimejazwa mviringo kidogo, na pembe hizo zina mchango wake mdogo. Mita moja ya boriti hii ina uzito wa kilo 42.2.

Fikiria ukingo wa juu kabisa umeanza kulegea. Uso wa ndani wa ubawa uko milimita 139.3 kutoka katikati, wakati ukingo uko milimita 150. Mkazo kwenye uso huo wa ndani basi tayari ni asilimia 93 ya mkazo kamili. Maana yake ubawa mzima, kuanzia juu hadi chini, umeshafika au unakaribia kufika. Ukiendelea kupakia, ubawa hauna cha kuongeza isipokuwa ile asilimia chache iliyobaki. Mwenye nafasi ni ukuta, lakini ukuta ni mwembamba.

Hesabu ya moduli plastiki unaweza kuifanya mwenyewe kwenye karatasi, na inafaa uifanye mara moja ili usiwe mtumwa wa jedwali. Chukua kila kipande cha eneo, zidisha kwa umbali wa kitovu chake kutoka mstari wa kati, kisha jumlisha. Ubawa mmoja una eneo la 150 × 10.7, yaani milimita za mraba 1605, na kitovu chake kiko milimita 144.65 kutoka katikati. Mabawa mawili yanatoa sentimita za ujazo 464. Ukuta ni mstatili wa 7.1 kwa 278.6, na tunajua mstatili ni b × h² ÷ 4, kwa hiyo unatoa 138. Pembe nne za mviringo zinatoa 26. Jumla ni 628, namba ileile ya jedwali.

Ukifanya hesabu ya moduli nyumbufu kwa vipande hivyohivyo, mabawa yanatoa 448, ukuta 85 na pembe 24. Jumla 557. Sasa linganisha kipande kwa kipande. Katika safari ya kutoka 557 hadi 628, mabawa yameongeza 16 tu, pembe 2 na kitu, na ukuta umeongeza zaidi ya 52. Mimi huona hapa ndipo penye utamu wa somo zima. Robo tatu ya uwezo wote wa boriti inatoka kwenye mabawa, lakini robo tatu ya akiba yake inatoka kwenye ukuta. Na akiba hiyo ya ukuta ni ileile akiba ya mstatili, kwa sababu ukuta wenyewe ni mstatili.

Sasa tunaweza kusema kizidishi cha umbo kinapima nini. Hakipimi nguvu. Kinapima ni kiasi gani cha chuma kilikuwa kimekaa bure wakati ukingo unaanza kulegea. Ni kama wavuvi wanaokokota mashua kuipandisha pwani. Wakiwa kumi kambani na watano wanajifanya tu, nahodha akipaza sauti mashua itaruka mbele. Kwenye kundi ambalo wote walikuwa wakivuta tangu mwanzo, sauti ya nahodha haitaongeza kitu. Mruko ule haumaanishi kundi la kwanza ni hodari.

Tuweke namba ili jambo hili lisibaki maneno. Tuseme chuma kilekile cha IPE 300, chenye mkato wa sentimita za mraba 53.8, kimemiminwa upya kuwa bapa lenye kimo kilekile cha milimita 300. Bapa hilo litakuwa na unene wa karibu milimita 18. Uzito kwa mita haujabadilika, kimo hakijabadilika, bei kwa kilo tuichukulie ni moja. Moduli yake nyumbufu ni 269 na ya plastiki ni 403. Kizidishi ni 1.5 kama kawaida.

Tuziweke zote mbili juu ya nguzo zilizoachana mita 6, na tuzipakie mzigo uliosambaa sawasawa kwa urefu wote. Kwa chuma cha S275, ukingo wa bapa unaanza kulegea mzigo ukiwa tani 1.7 kwa kila mita, na bapa lote linalegea kwenye tani 2.5. Boriti ya I inaanza kulegea kwenye tani 3.5 na inafika ukomo wake kwenye tani 3.9. Hizi ni namba za ukomo, hazijakatwa kwa ajili ya usalama, kwa hiyo asizichukue mtu kwenda kujengea. Lakini ulinganisho wake uko wazi: bapa likiwa limetumia akiba yake yote, halijafika hata pale boriti ya I inapoanza kulegea. Bapa pia litainama mara mbili zaidi chini ya mzigo uleule, kwa kuwa ukakamavu wake ni chini kidogo ya nusu ya ule wa I. Kizidishi cha umbo hakiongezi ukakamavu hata chembe.

Kuna ushahidi mwingine ulio ndani ya jedwali lenyewe. Ilaze IPE 300 ubavu, mabawa yasimame wima pembeni na ukuta ulale katikati. Moduli yake nyumbufu inaanguka hadi 80.5, na ya plastiki ni 125. Kizidishi chake sasa ni karibu 1.56, zaidi hata ya mstatili! Sababu ni kwamba mabawa sasa yanapindwa kama mabapa mawili, na ukuta, ukiwa umelala juu ya mstari wa kati, karibu hausaidii kitu mpaka ulegevu uingie ndani. Boriti imepoteza nne ya tano ya uwezo wake, huku kizidishi chake kikiwa kimepanda.

Akiba ya mstatili ina kasoro ya pili, nayo ni kwamba inachelewa kupatikana. Ili chuma cha ndani kilegee, bapa lazima lipindwe sana. Likipindwa mara mbili ya pale ukingo ulipoanza kulegea, nusu ya kimo chake katikati bado haijalegea, na limefika asilimia 92 ya uwezo wake plastiki. Ili kuikaribia asilimia mia, lazima lipindwe mara tano au kumi. Boriti ya I ikipindwa mara mbili hivyohivyo tayari imefika asilimia 98. Akiba yake ni ndogo, lakini inatolewa papo hapo.

Hili lina athari kwa matumizi ya kila siku. Mhandisi anaposanifu, anaukuza mzigo kwa karibu mara moja na nusu, kisha anahakikisha boriti inaumudu mzigo huo uliokuzwa. Sasa tazama kinachotokea kwa mstatili. Mzigo uliokuzwa ni mara 1.5 ya mzigo wa kawaida, na uwezo plastiki ni mara 1.5 ya ule wa kulegea ukingo. Mbili hizo zinafutana, na bapa lililosanifiwa hadi ukomo wake litakuwa limegusa kulegea kwenye mzigo wa kawaida, siku ya Jumatatu tu, watu wakiwa kazini kwao. Mzigo ukizidi kidogo, litabaki na mkunjo usiorudi. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za BS 5950, walizosomea wahandisi wengi wa Afrika Mashariki, ziliweka kifuniko: kwa boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili bila kushikizwa ncha, uwezo wa kuhesabu usizidi mara 1.2 ya ule nyumbufu. IPE 300 na 1.13 yake haiguswi na kifuniko hicho. Mstatili unakatwa kutoka 1.5 hadi 1.2.

Vitabu vya zamani vya Marekani vililishughulikia jambo hili kwa njia nyingine. Viliruhusu mkazo wa asilimia 66 ya ule wa kulegea kwa boriti ya I inayosimama, na asilimia 75 kwa mabapa na kwa boriti ya I iliyolazwa ubavu. Nyongeza hiyo ilitokana na kizidishi cha umbo, ingawa haikuupa mstatili sifa yake yote.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba boriti inakubali kupindwa kwa adabu hadi mwisho. Mara nyingi haikubali. Bapa letu la milimita 18 kwa 300, likiwa na urefu wa mita 6 na halijashikwa popote kati ya nguzo zake, litageuka ubavu na kujinyonga kabla halijalegea. Uwezo wake wa kulegea kote ni kilonyutoni-mita 111, lakini likipindwa kwa kiasi kimoja urefu wote, litajinyonga kwenye 19 hivi. Akiba yote ya 1.5 inakuwa hadithi tu. Boriti ya I nayo haijapona. IPE 300 ya mita 6 isiyoshikwa, ikipindwa hivyohivyo, ina ukomo wa kinadharia wa kujinyonga wa karibu 90, wakati moduli plastiki inaahidi 173. Ahadi ile ya 173 ni kwa boriti ambayo ubawa wake unaobanwa umeshikwa usiyumbe, kwa mfano kwa zege la sakafu lililoufunga, au kwa vyuma vya paa vilivyofungwa karibu karibu.

Jambo la tatu linalokula akiba ni wembamba wa mabawa yenyewe. Ubawa ukiwa mpana na mwembamba, unakunjamana kama kifuniko cha bati kabla chuma chake chote hakijalegea. Kanuni za Ulaya zinapima hatari hii kwa uwiano rahisi: chukua sehemu ya ubawa inayoning'inia nje ya ukuta, ugawe kwa unene wake. Kwa S275, uwiano huo ukiwa chini ya 9 hivi, unaruhusiwa kutumia moduli plastiki. Ukiwa kati ya 9 na 13, unarudi kwenye moduli nyumbufu. Ukizidi 13, hata hiyo haifai bila kupunguzwa. Ukuta nao una mipaka yake, ila ni milegevu zaidi. IPE 300 ina uwiano wa 5.3, kwa hiyo iko salama. Karibu boriti zote za kiwandani za ukubwa wa kawaida ziko salama katika kupindwa, kwa sababu zilichongwa kwa kukusudia hivyo.

Na yote haya ni ya chuma. Mbao ya mninga au mvule ni mstatili pia, lakini nyuzi zake za chini zinapovutwa kupita kiasi hazilegei, zinapasuka. Hakuna tabaka la ndani linalopata muda wa kuingia kazini. Anayehesabu boriti ya mbao lazima abaki na b × h² ÷ 6, na akijipa b × h² ÷ 4 kwa sababu aliiona kwenye kitabu cha vyuma, amejipa asilimia 50 ya nguvu isiyokuwepo. Zege tupu na chuma cha kusubu ni hivyohivyo: vinavunjika, havilegei.

Boriti ya chuma iliyokwisha kuingia kwenye akiba yake inaacha dalili. Ya kwanza ni mkunjo unaobaki mzigo ukishaondolewa. Boriti iliyokuwa ndani ya unyumbufu wake inarudi ilivyokuwa. Ya pili ni magamba. Chuma kinachotoka kiwandani kina ngozi nyeusi ya kutu ya moto, na chuma kikilegea ngozi hiyo inapasuka na kubanduka kwa mistari. Maabara hupaka boriti chokaa kabla ya kuijaribu, ili mistari hiyo ionekane waziwazi inavyotoka ukingoni kuelekea ndani. Ya tatu ni mawimbi kwenye ubawa unaobanwa, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaonyesha ubawa umekunjamana na uwezo umeanza kushuka badala ya kupanda.

Mawimbi hayo huonekana zaidi kwenye boriti za I zinazochomelewa karakana, mabapa matatu yakiunganishwa kuwa umbo la I kwa sababu boriti ya kiwandani haikupatikana au ilikuwa ghali. Fundi akichukua bati la milimita 6 na kulikata mabawa ya upana wa milimita 200, sehemu inayoning'inia kila upande itakuwa zaidi ya mara 15 ya unene. Hapo namba yoyote ya moduli plastiki haina maana, na hata ile nyumbufu lazima ipunguzwe. Kwa hiyo kabla hujakubali boriti ya namna hiyo ipandishwe juu ya nyumba yako, chukua rula. Pima ubawa kutoka ukingoni hadi kwenye weldi, ugawe kwa unene wake. Ukipata zaidi ya 9, muulize mhandisi wako ametumia namba gani kati ya zile mbili. Na ukipata zaidi ya 13, usiipandishe mpaka ameihesabu upya.